Kuchanganyikiwa siku ya pili baada ya paja kuvunjika

"Kijana wa bodaboda, paja limevunjika juzi, tuko Mbale. Leo anahema, anaongea ovyo, SpO2 86. Malaria hana. Ni mafuta kwenye damu?"

Ndugu, inaelekea hivyo. Mafuta ya uboho hukwama kwenye mapafu na ubongo, na dalili huanza kati ya saa 24 na 72. Hakuna kipimo kimoja cha kuthibitisha, na picha ya kifua mwanzoni inaweza kuwa safi kabisa. Kwanza pima sukari, kisha linganisha mboni za macho na nguvu za pande zote mbili. Tofauti ikiwepo, fikiria damu kuvuja kichwani.

Mafuta haya huleta pia vidoa vya ngozi, lakini kwenye ngozi nyeusi hujificha. Geuza kope la chini, angalia mdomoni na makwapani. Vidoa vyekundu visivyofifia ukibonyeza vinakupa uhakika mkubwa, lakini wengi hawavipati, kwa hiyo kuvikosa kusikutulize.

Mpe oksijeni sasa kwa barakoa yenye mfuko, lita 10 hadi 15 kwa dakika, ukilenga SpO2 94 au zaidi. Dripu ya chumvi itoshe kushikilia presha. Ukizidisha, mapafu yatajaa maji. Mguu ubaki umevutwa kwa uzito, usisogezwesogezwe. Steroidi na heparini hazijathibitika kumsaidia, nami nisingempa.

Mpime kila saa. Akibaki chini ya 90 au akianza kusinzia, anahitaji mashine ya kupumulia: piga simu ICU mapema, na hakikisha mtungi wa oksijeni wa ambulensi umejaa kabla hajatoka wodini. Upasuaji wa paja usubiri mapafu yatulie.