Kreatinini Ikipanda, Itazame Pamoja na Kilo

Baba yangu ana moyo dhaifu na figo zilizochoka. Kila majibu ya damu yakirudi, hapa kwetu Kisauni huzuka ubishi ule ule: kreatinini, ile taka ya damuni ambayo figo huitoa, imepanda, basi aachishwe lasiksi, dawa yake ya kutoa maji kwa mkojo, ndiyo inayomuua figo. Shangazi ndiye bingwa wa hoja hiyo. Mara nyingi mambo huwa kinyume.

Moyo ukishindwa kusukuma, damu hurundikana nyuma yake mpaka kwenye vena za figo. Figo huchuja kwa kutegemea shinikizo la damu inayoingia liwe kubwa kuliko la ile inayotoka, kwa hiyo upande wa kutokea ukifurika, mchujo hudorora. Juu ya hapo, figo zikipata damu kidogo huchukulia kwamba mwili umekauka, zikazuia chumvi na maji. Maji hayo huurudia moyo, nao ukazidi kuelemewa.

Alipolazwa alikuwa na kilo 74, miguu imevimba, halali ila kwa mito mitatu. Kreatinini ilikuwa mikromoli 190 kwa lita. Vidonge havikumfaa: utumbo uliovimba hunyonya dawa polepole, na figo dhaifu hutaka dozi kubwa zaidi ndipo mkojo utoke. Akapewa lasiksi kwa sindano ya mshipa. Alipofika kilo 70, kreatinini ikawa 205.

“Si niliwaambia?” akasema Shangazi.

Daktari hakuipunguza dawa. Mkojo ulikuwa unatoka, presha imetulia, pumzi imerudi, na kupanda kidogo namna hiyo huvumilika maadamu uvimbe unaisha. Kwenye kilo 67 miguu ilikuwa mikavu na kreatinini imeshuka hadi 165. Hizo 67 ndizo tunazoziita uzito wake mkavu, na zimeandikwa ukutani.

Baadaye, katika joto la Februari, akaharisha. Kilo zikawa 64, akisimama anapata kizunguzungu, mkojo haba, kreatinini 230. Safari hii Shangazi alikuwa na haki, maana Baba alikuwa chini ya uzito wake mkavu na figo zilikosa damu kweli. Tulimpigia daktari siku hiyo hiyo, akasimamisha lasiksi kwa muda, kisha akairudisha kwa dozi ndogo.

Kwa hiyo mpime kila asubuhi, akishakojoa na kabla ya chai, kwa mizani ile ile. Kilo 2 zikiongezeka ndani ya siku 3, piga simu kabla hajaanza kuhema. Dozi msibadilishe wenyewe.

Duka la dawa mtauziwa diklofenaki ya magoti bila kuulizwa. Hiyo hubana damu ya figo na kuvunja nguvu ya lasiksi. Na madafu, jamani, kwa anayetumia spironolaktoni, kidonge kingine cha kukojoza! Yana potasiamu nyingi, dawa hiyo nayo huizuia isitoke, na ikizidi inaweza kuusimamisha moyo.