Tezi imetulia, mbona macho bado? Majibu kwa wasomaji wa Unguja na Pemba

Daktari, karatasi yangu ya kwanza iliandikwa TSH chini ya 0.01 na T4 huru 48, nikaambiwa tezi ya shingo inafanya kazi kupita kiasi. Nimekunywa kabimazoli miligramu 30 kwa wiki sita. T4 imeshuka hadi 19, lakini TSH ni ile ile. Dawa hainifai? (Msomaji, Chake Chake)

Dawa imekufaa. Kinachowachanganya wengi ni kudhani kwamba TSH inatoka kwenye tezi ya shingo, kumbe inatoka kwenye tezi ndogo ya pituitari iliyo chini ya ubongo, nayo ni amri tu. Husafiri katika damu mpaka kwenye seli za tezi ya thairoidi, hushika kipokezi kilichopo juu ya kila seli, na hapo seli huanza kuvuta madini joto na kutengeneza homoni mbili, T4 na T3. Homoni hizo zikizidi, pituitari hutambua na kupunguza amri; zikipungua, huongeza. Ndiyo maana kwa mtu mzima wa afya namba hizi mbili hazipandi pamoja.

Katika ugonjwa wa Graves, ambao ndio tunaouzungumzia hapa, mfumo wa kinga hutengeneza kingamwili ambayo ncha yake inakaa katika kipokezi kile kile cha TSH. Kingamwili tulizozizoea huziba au huua, hii huamsha. Tezi haiwezi kujua kwamba amri imetoka kwa mgeni, basi hutii, na T4 hupanda. Pituitari ikiona hivyo hunyamaza kabisa, na hapo ndipo ilipotoka ile 0.01 yako. Lakini kunyamaza kwake hakusaidii kitu, kwa sababu seli za kinga zinazotoa kingamwili hazipimi T4 na wala hazina habari kama tezi imezidi au imepungua. Mwaka 1956, Adams na Purves wa Dunedin, New Zealand, waliwadunga simbilisi maji ya damu ya wagonjwa wakaona kitu kinachoiamsha tezi taratibu kuliko TSH na kwa muda mrefu zaidi. Kitu hicho baadaye kilitambuliwa kuwa ni kingamwili.

Sasa turudi kwenye namba zako. Kabimazoli huzuia kimeng'enya kinachoyaunganisha madini joto katika kutengeneza homoni, lakini haiifuti akiba iliyokwisha kuwekwa ndani ya tezi, na T4 iliyomo katika damu hupungua nusu kwa kila siku 7 hivi. Kushuka kutoka 48 hadi 19 kwa wiki sita, ikiwa maabara yako inahesabu 12 hadi 22 kuwa kawaida, ni mwendo mzuri. Pituitari iliyonyamazishwa kwa muda mrefu huchelewa kuamka, pengine miezi kadhaa, kwa hiyo katika kipindi hiki dozi hupangwa kwa kutazama T4 na T3. Mtu akiipandisha dawa kwa sababu tu TSH bado iko chini, ataivusha tezi mpaka upande wa pili, na upungufu wa homoni nao huyadhuru macho, kama nitakavyoeleza hapa chini. Huenda daktari wako akaipunguza dozi. Jambo moja lisikupite: ukipata homa au koo kuuma unapotumia dawa hii, iache siku hiyo hiyo na upimwe chembe nyeupe za damu, kwa kuwa kwa watu wachache huzishusha ghafla.

Nalima mwani tangu nikiwa kigori. Ndio ulionipa maradhi haya? (Paje)

Kuushika mwani, kuufunga kwenye kamba na kuuanika hakutengenezi kingamwili. Madini joto, yaliyomo pia katika mwani, ni malighafi ya tezi. Mtu akiyaingiza mwilini kwa wingi wa ghafla yanaweza kuizidisha tezi, lakini hasa kwa yule mwenye rovu la zamani lenye vinundu, ambavyo vimekwisha kuzoea kufanya kazi bila kungoja amri. Huyo hana kingamwili hizi na macho yake hayatoki. Kipimo cha damu cha kingamwili za kipokezi cha TSH ndicho kitakachowatenganisha nyinyi wawili. Asili ya ugonjwa wa Graves imo zaidi katika urithi wa familia, na wanawake hupata mara nyingi zaidi kuliko wanaume.

Mke wangu alianza kutetemeka, moyo kwenda mbio na kukosa usingizi, tukazunguka kwa waganga kabla ya kufika hospitali. Sasa ana miezi minane ya dawa, vipimo vya tezi ni vizuri, lakini macho yamezidi kutoka na anaona vitu viwili. Wamekosea dawa? (Wete)

Sikulaumu kwa kuzunguka, kwani mtu aliyekonda ghafla, asiyelala na macho yamemkodoka, wazee wetu hawakuwa na jina jingine la kumpa ila husuda au shetani. Na dawa hawakukosea. Dawa imeituliza tezi, lakini ugonjwa wa macho hauko kwenye tezi.

Nyuma ya mboni, ndani ya tundu la mfupa, mna mafuta, misuli sita ya kuligeuza jicho, na seli za kujenga tishu zinazoitwa faibroblasti. Seli hizi nazo zina kipokezi cha TSH, na karibu yake kuna kipokezi kingine cha homoni ya ukuaji iitwayo IGF-1. Vipokezi hivi viwili hushirikiana. Kingamwili inapokishika kipokezi cha TSH hapo, seli haitengenezi T4, kwa kuwa haina mitambo hiyo. Hutengeneza asidi ya hayaluroni, utelezi unaonyonya maji kama sponji, na nyingine hugeuka kuwa seli za mafuta. Misuli nayo huvimba. Tundu la jicho la mtu mzima lina nafasi ya mililita 30 hivi, na kuta zake ni mfupa usiotanuka. Kinachoongezeka ndani hakina pa kwenda ila mbele, na jicho ndilo linalosukumwa. Kuona viwili kunatokana na misuli iliyovimba na kukakamaa, ambayo haiyapeleki macho mawili pamoja.

Hapa kuna tofauti inayofaa kuijua. Kope la juu likivutwa juu hata jicho likaonekana limekodoka, sehemu ya hali hiyo inatokana na wingi wa homoni, na tezi ikitulia hupungua. Jicho lililosukumwa mbele ni jambo jingine, na lina mwendo wake: kwa kawaida huwa na kipindi cha ukali cha mwaka mmoja au miwili, kisha hutulia, ila kovu la misuli na mafuta yaliyoongezeka huweza kubaki. Katika kipindi cha ukali ndipo dawa za kutuliza kinga, kama steroidi za mshipa, hufaa. Baada ya kutulia hubaki upasuaji wa kulipanulia jicho nafasi, kurekebisha misuli, na mwisho kope. Nchini Marekani mwaka 2020 iliidhinishwa dawa ya teprotumumabu, inayokiziba kile kipokezi cha IGF-1, na kufaa kwake kumeonyesha kwamba kipokezi hicho kweli kimo ndani ya jambo hili.

Katika nyumba yako tazama mambo matatu. La kwanza ni sigara: moshi huuzidisha ugonjwa wa macho na kuipunguzia dawa nguvu, basi ikiwa ni wewe unayevuta, vuta nje au uache. La pili, tezi isiachwe ikashuka kupita kiasi, kwa sababu TSH inayopanda nayo hukipata kile kipokezi kilicho nyuma ya jicho. La tatu, akipendekezewa tiba ya madini joto yenye mionzi, amwambie daktari kuhusu macho, maana tiba hiyo huweza kuyazidisha, na huenda ikalazimu kumkinga kwa steroidi.

Tena mfanyie kipimo cha nyumbani. Afunike jicho moja, atazame kitu chekundu, kanga au kifuniko cha chupa, kisha abadilishe jicho. Ikiwa wekundu kwa jicho moja umepauka, huo ni mshipa wa fahamu unaobanwa kule nyuma, na asingoje tarehe ya kliniki. Aonwe na daktari wa macho siku hiyo. Kipimo kikiwa sawa, bado aonwe na daktari wa macho kwa ajili ya kule kuona viwili. Akilala na kope hazifungiki, kioo cha jicho hukauka na kuchubuka, naye anahitaji mafuta ya macho ya usiku.

Nilitibiwa tezi na macho. Sasa ngozi ya muundi wa miguu yote miwili imekuwa nene, ina vishimo kama ganda la chungwa, na jirani kasema ni matende. (Makunduchi)

Jirani hakusema ovyo, kwa kuwa huko kwenu matende yanajulikana. Lakini matende kwa kawaida huanza na uvimbe wa mguu wenyewe, mara nyingi upande mmoja zaidi, na mtu huwa na historia ya homa na mitoki kuvimba. Ulichokieleza wewe kimekaa mbele ya muundi, ni kinene kwa mguso, na nadhani ukikibonyeza kwa kidole hakiachi shimo. Hali hii huwapata wagonjwa wachache wa Graves, na karibu wote macho yao yameshaguswa kabla.

Utaratibu ni ule ule wa jicho: faibroblasti za ngozi, kingamwili, asidi ya hayaluroni, maji. Kwa nini muundi na si tumbo? Maelezo ninayoyakubali ni kwamba mguu unaning'inia kutwa, majimaji hushuka na kutuama, na muundi hugongwagongwa. Ngozi ya mahali pengine ikijeruhiwa au ikipandikizwa imewahi kupata hali hii pia. Mara nyingi haiumi na huhitaji kuachwa tu. Ikikuudhi, hupakwa krimu ya steroidi yenye nguvu usiku na kufunikwa kwa karatasi ya plastiki, pamoja na soksi za kubana. Usikubali kukatwa, kwa sababu kidonda hapo hualika uvimbe uleule. Na ukiona ncha za vidole zimetanuka na kucha zimepinda, mwonyeshe daktari wako, maana nalo ni tawi la ugonjwa huu.

Nilikatwa tezi yote miaka minne iliyopita kwa ajili ya Graves. Nakunywa levothairoksini, vipimo vyangu vizuri, na sasa nina mimba ya wiki kumi na nne. Mkunga asema sina tena tezi, kwa hiyo sina tena ugonjwa. (Mjini Unguja)

Mwanangu, tezi imeondoka, lakini seli zinazotoa kingamwili zinaweza kuwa bado zipo. Kingamwili za aina hii, IgG, hupita kwenye kondo la nyuma, na tezi ya mtoto huanza kuziitikia mnamo wiki ya 18 hadi 20. Wewe huna tezi ya kuamshwa, kwa hiyo karatasi yako itasomeka vizuri. Mwenye tezi ni yeye. Na kwa kuwa hunywi kabimazoli, hakuna dawa inayovuka kumkinga.

Omba kipimo cha kingamwili za kipokezi cha TSH sasa, ili majibu yawe tayari kabla au mnamo wiki ya 18 hadi 22. Zikiwa chini, hofu imekwisha. Zikiwa mara tatu au zaidi ya kiwango cha juu cha kawaida, mimba yako ifuatiliwe kwa picha, wakitazama moyo wa mtoto usiende zaidi ya mapigo 160 kwa dakika muda wote, shingo yake isivimbe na ukuaji usidumae. Akizaliwa, apimwe damu na aangaliwe siku zake za mwanzo, hasa akiwa hatulii, moyo unakwenda mbio na uzito hauongezeki ijapokuwa ananyonya sana. Kingamwili zako ndani ya mwili wake hupungua nusu kwa wiki tatu hivi, na kwa kuwa yeye hazitengenezi, mwezi wa tatu au wa nne kwa kawaida huwa zimekwisha, na ugonjwa huondoka nazo.