Unga wa mitishamba umeshusha sukari ya mama, aache vidonge?

"Wakuu, mama yangu yuko Kasulu, ana kisukari cha ukubwani, anatumia metfomini na glibenklamidi. Amepata unga wa mitishamba kwa mzee mmoja, wiki ya kwanza tu sukari imetoka 13 mpaka 8. Mzee anasema aache vidonge maana vinagongana na dawa yake. Aache au asiache?"

Asiache mkuu. Mi niko Tabora, kazi yangu ni maabara, vidole vya wagonjwa wa sukari ndo natoboa kila siku, na hii habari ya unga imepita mpaka kwenye ukoo wetu kwahiyo vumilia nina maneno mengi kidogo.

Kwanza hiyo 13 kwenda 8. Muulize mama siku anapewa unga alipewa na masharti gani. Karibu wote wanatoa masharti: usiguse soda, chai bila sukari, acha sembe nyeupe, wali mara mojamoja, huku kwetu wanakataza na matobolwa, vile viazi vitamu vya kukausha, kula dona kidogo na mboga za majani kwa wingi. Sasa mgonjwa aliyekuwa anapuuza haya kliniki miaka yote, akiyashika kwa wiki moja sukari inashuka hata kama kwenye kikombe ungemwekea majani ya chai. Na hapo bado anameza vidonge vyake, tena safari hii harukishi dozi kwasababu ana hamu ya kupona. Halafu angalia na saa ya kipimo, ile 13 ilipimwa lini? Kama alipimwa mchana akiwa ametoka kula na hii 8 ni ya asubuhi kabla ya chai, hizo namba mbili huwezi kuziweka kwenye mzani mmoja.

Baba yangu mdogo yuko Urambo, mkulima wa tumbaku, sukari anayo miaka mingi. Asubuhi alikuwa anacheza kwenye 9 na 10, siyo nzuri lakini anaishi nayo. Akakutana na muuza unga mnadani, akapewa na masharti kama hayo, ikaja 7 na kitu. Akanipigia simu kwa furaha, "mwanangu, mwili umeikubali hii dawa." Vidonge akaviweka kabatini.

Hapa ndo pana mtego wenyewe na naomba usome taratibu. Ukiacha vidonge hauanguki siku hiyohiyo. Nguvu yake inaisha ndani ya siku chache, sukari inaanza kupanda polepole na kupanda kwake hakuumi popote. Ikipita kama 10 hivi figo zinashindwa kuirudisha yote kwenye damu, inabidi itoke na mkojo, na ikitoka inavuta maji ya mwili inaondoka nayo. Kwahiyo mtu anakojoa sana, anapata kiu, anakonda. Baba mdogo alipomuuliza yule muuzaji mbona naamka usiku kila saa kukojoa, akajibiwa dawa inatoa sumu. Kiu akaambiwa ni ukali wa dawa. Suruali zikawa zinapwaya, watu wakamsifia kitambi kimeondoka. Yaani kila dalili ya ugonjwa kurudi imetafsiriwa kuwa ndo kupona kwenyewe, na yeye anaongeza vijiko! Mashine alikuwa nayo ila vile vipande vya kupimia viliisha, hakuona haja ya kununua vingine maana keshapona.

Kingine, ule unga aliambiwa alambe na asali. Asali yetu ya Tabora naipenda na naisifia popote, lakini karibu asilimia 80 yake ni sukari, na kijiko kimoja kikubwa kina wanga kama gramu 17. Yeye alikuwa analamba asubuhi na jioni na masharti ya chakula nayo yakaanza kulegea, matobolwa yakarudi, dona likawa sembe.

Mwisho alipata kidonda kwenye kidole cha mguu, sandozi tu ilimchubua, kikaoza bila yeye kusikia maumivu. Siku wanamleta alikuwa anaongea vitu havieleweki, ulimi mkavu kama karatasi, wengine wanasema malaria imepanda kichwani. Tulipompima mashine haikuandika namba, iliandika HI. Hiyo siyo salamu, mashine nyingi zikiandika hivyo maana yake sukari imepita 33 na uwezo wa kusoma umeishia hapo. Alipewa dripu nyingi na insulini kwa kupimiwa kila saa, akili ikarudi baada ya siku kadhaa, kidole kikakatwa. Sasa hivi yuko kwenye metfomini na insulini ya usiku, na kabla ya hapo alikuwa mtu wa vidonge tu.

Sasa usinielewe kwamba nadharau mitishamba, hapana. Hata hiyo metfomini ya mama chanzo chake ni mmea wa Ulaya unaitwa galega, watu walikuwa wanautumia zamani, ila ukiula wenyewe una sumu, ikabidi wanasayansi watengeneze kitu kinachofanana na kile kilichomo ndani yake, wapime kiasi, na Ufaransa wakaanza kuwapa wagonjwa wa sukari 1957. Kwahiyo anayesema hospitali ni kemikali na mitishamba ni asili hajui hata kidonge anachokipinga kimetoka wapi. Tofauti ni kwamba kwenye kidonge unajua ni miligramu 500, leo na kesho zilezile. Kwenye unga wa mzee sijui ni mzizi au gome, umevunwa masika au kiangazi, kijiko chake cha chai au cha mezani.

Na hii mimea inayosifiwa imejaribiwa, msidhani hakuna aliyehangaika. Uwatu una nyuzinyuzi nyingi zinazochelewesha chakula kumeng'enywa, majaribio madogo yameonyesha unashusha sukari kiasi, na ulitumiwa pamoja na matibabu, siyo badala yake. Mlonge una majaribio machache ya watu wachache na majibu hayafanani. Mdalasini na karela, wale Cochrane wanaokusanya majaribio na kuyachambua walitoa majibu 2012 na walisema ushahidi hautoshi kuitegemea kutibu kisukari. Basi, hapo ndo tulipo. Hakuna hata mmoja ulioonyeshwa kwamba mtu anaweza kuweka vidonge kabatini akabaki salama.

Kuhusu "vinagongana", mzee hajakosea kabisa ila ushauri aliotoa ndo mbaya. Glibenklamidi inalazimisha kongosho kutoa insulini, hata kama mtu hajala. Ukiongeza na kitu kingine kinachoshusha, mfano karela, sukari inaweza kwenda chini ya 4, hasa kwa mtu mzima anayeruka mlo au mwenye figo zilizochoka. Mtu anatetemeka, jasho jembamba linamtoka, moyo unadunda, anaanza kuongea kama amelewa. Hapo ni vijiko vya chai vitatu au vinne vya sukari kwenye maji au nusu chupa ya soda ya kawaida, pima tena baada ya dakika 15, halafu ale chakula. Akiwa hajitambui usimwagie kitu mdomoni, atapaliwa, beba peleka hospitali. Na hata akizinduka mpeleke maana glibenklamidi inakaa mwilini muda mrefu, anaweza kushuka tena usiku watu wamelala. Kwahiyo kama vinagongana, cha kuondolewa ni unga, siyo vidonge.

Halafu kuna hizi dawa za mitishamba ambazo ukila asubuhi mchana sukari imeporomoka. Mimi hizo ndo zinanitisha kuliko zisizofanya kitu, kwasababu kuna watu wanasaga vidonge vya hospitali na kuchanganya kwenye mitishamba. Singapo 2008 walilazwa watu 150 ambao hata kisukari hawana, walitumia dawa za nguvu za kiume zilizouzwa kienyeji, kumbe ndani kuna glibenklamidi, wanne wakafa. Mganga mwenye cheti cha kusajiliwa ukutani anaweza kuwa mtu mzuri tu, ila cheti kinaonyesha mganga anatambulika, hakithibitishi kwamba huo unga unatibu sukari.

Na wadau wanaosoma hapa wenye mtoto anayechoma insulini, haya yote ya kujaribu hayawahusu kabisa. Yule mwili wake hautengenezi insulini, akiacha haendi wiki kama baba mdogo, ndani ya siku moja mbili anaanza kutapika, tumbo linauma, anahema kwa kina na haraka, mdomo unanuka kama tunda lililoiva sana. Huku kwetu Tabora na Kigoma mtoto akitapika na kulegea wote tunakimbilia malaria. Mwambie anayempima malaria apime na sukari pia.

Mama yako akikataa katakata kuacha unga (nawajua wazazi wetu, waliopanda mabasi kwenda kunywa kikombe cha Babu Samunge 2011 kwa shilingi 500 hakuna aliyewazuia), basi usigombane naye. Mwambie vidonge vinaendelea kama vilivyo, unga wote unaletwa kliniki ulivyo na pakiti yake, daktari auone hata kama atafoka. Apime asubuhi kabla ya kula na saa mbili baada ya mlo mkubwa, aandike kwenye daftari na saa yake. Halafu waombe kipimo cha HbA1c sasa hivi na kingine baada ya miezi mitatu. Hicho hakidanganywi na masharti ya siku mbili maana kinasoma wastani wa miezi miwili mitatu iliyopita, ila kama ana selimundu au ameongezewa damu karibuni amwambie mtu wa maabara kabla, majibu yanaweza kupotosha. Hata kikishuka, anayepunguza dozi ni daktari, na mara nyingi ataanza na hiyo glibenklamidi.

Kwa leo mpigie umuulize vitu viwili tu, usiku anaamka mara ngapi kukojoa, na huo unga anaunywa na nini. Kama ni asali, hapo pana kazi ya kuanza nayo kabla ya kitu kingine chochote.