Maswali na majibu: Levo ya tanki lenye pampu chini

Nimeongeza pampu asilimia 10, nasubiri levo itulie nichukue gein na taimu konstanti. Nusu saa inashuka tu. Nisubiri mpaka lini?

Mpaka tanki likauke na pampu ife. Jamani hili nalijibu kila mara! Tanki lenye tundu chini levo ikishuka presha inapungua, maji yanatoka kidogo, mwisho linajipatanisha lenyewe. Pampu haijali levo, inavuta tu, kwa hiyo hakuna mahali pa kutulia, na zile kanuni za stepu testi zinataka thamani ya mwisho ambayo hapa haipo.

Wewe pima kasi. Tuseme levo ilikuwa imetulia, umeongeza pampu 10, levo ikashuka asilimia 1 kila dakika 2, yaani 0.5 kwa dakika. Gawa kwa 10 unapata 0.05, hiyo ndo k' yako. Kama levo ilikuwa inatembea tangu mwanzo, chukua tofauti ya kasi kabla na baada. Halafu rudia kwa kupunguza pampu, maana maji yanayoingia yakibadilika katikati ya testi umepima uongo. Dakika chache zinatosha.

Levo inapanda na kushuka taratibu, mzunguko mmoja karibu saa nzima. Kc 0.5, Ti dakika 2. Nimeshusha Kc hadi 0.25 imezidi. Kontrola mbovu?

Kontrola nzima, mkono wako ndo mbovu. Tanki lenyewe linalimbikiza, na Ti fupi nayo inalimbikiza, wawili hawa wanasukumana na anayewatuliza ni Kc peke yake, sasa wewe umemfukuza.

Zidisha Kc × Ti × k'. Kwa tanki la k' 0.05 yako inatoka 0.05, na ulivyoshusha ikawa 0.025, wakati inatakiwa isiwe chini ya 4. Chagua muda unaotaka levo irudi, tuseme dakika 5, kisha:

```
Kc = 1/(0.05 × 5) = 4
Ti = 4 × 5 = 20
```

Hapo nimechukulia hakuna ucheleweshaji wa maana. Ukiwepo, ujumlishe kwenye ile 5 sehemu zote mbili. Na angalia Ti ya kontrola yako ni dakika au sekunde, watu wameumia hapo.

Niongeze D?

Hapana. Mawimbi ya maji yataitetemesha pampu bure.

Bosi anataka levo ikae 50 kamili muda wote.

Basi auze tanki aweke bomba. Tanki la akiba limewekwa limeze mabadiliko, ukilibana levo kila mshtuko wa kuingia unaupeleka moja kwa moja kwa mwenzio wa mbele. Kama ni akiba tu zima I, weka Kc 2 na bayasi 50: levo 25 pampu inasimama, levo 75 inakwenda 100, katikati iache icheze.