Tende zilizofika baada ya 20 Shaaban

Swali: Sheikh, assalaam alaykum. Nina duka la jumla Kariakoo. Niliagiza katoni 600 za tende kwa shilingi 40,000 kila moja. Mkataba ulisema utaanza muuzaji akileta hati ya ubora kabla ya 1 Shaaban, mzigo ufike kabla ya 20 Shaaban, muda ni kiini cha mkataba, na akichelewa biashara haipo na faini ni laki mbili kwa siku. Hati ilikuja tarehe 4, nikalipa zote milioni 24 siku hiyohiyo. Tarehe 21 nilimwandikia kuwa nimejitoa. Mzigo ukafika tarehe 29, kijana wangu akapokea katoni 50 na kuziuza bila mimi kujua. Muuzaji anasema meli ilichelewa, na kwamba Mwislamu humpa mwenzake muda. Nina haki gani?

Jibu: Wa alaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh, ndugu yangu.

Tuanze na hati, maana muuzaji anaweza kukuuliza kwa nini ulinyamaza ilipochelewa siku tatu. Hilo lilikuwa sharti tangulizi, yaani mlango wa kuingilia. Kabla ya hati hapakuwa na mauziano kati yenu, ila ahadi tu. Ilipochelewa ungeweza kuondoka na usidaiwe kitu. Ulipoipokea na kulipa, uliiacha haki hiyo kwa hiari yako, na kanuni ya mafakihi ni kwamba kilichoanguka hakirudi. Lakini uliyoisamehe ni tarehe 1 tu. Kusamehe ucheleweshaji wa hati hakugusi tarehe ya mzigo.

Sasa mzigo. Bukhari amepokea katika mlango wa masharti kwamba mtu mmoja aliuziwa chakula, akasema, "Nisipokuja Jumatano, hakuna biashara kati yangu na wewe." Hakuja. Kadhi Shureih akamwambia mnunuzi, "Wewe ndiye uliyevunja ahadi," akahukumu dhidi yake. Kadhi alikwenda na siku waliyoitaja wenyewe. Kwenu ni vivyo hivyo, na bidhaa yenyewe inashuhudia: muuza jumla hununua tende mapema ili wauza rejareja wazichukue kabla mwezi haujaandama. Za tarehe 29 zimeikosa wiki yenyewe. Ingekuwa ni vitambaa vya mapazia, na mkataba haukusema kitu juu ya muda, ningekwambia uvumilie.

Sitakuficha kwamba madhehebu yetu ya Shafii ni makali hapa. Imam Nawawi anaona kuuza kwa sharti la "usipolipa ndani ya siku tatu hakuna biashara" kunabatilisha mauziano, na sharti lenu linafanana na hilo. Imam Ahmad analikubali. Mimi naelekea kwa Ahmad, kwa ajili ya hukumu ya Shureih. Lakini angalia: ukisema mauziano yalibatilika tangu mwanzo, fedha zinarudi. Ukisema yalikuwa sahihi kisha yakavunjika tarehe 20, fedha zinarudi vilevile. Muuzaji hana kauli ya kuzishikilia.

Meli kuchelewa kunamwondolea dhambi, hakumwondolei hasara. Na kupeana muda ni fadhila yako kutoa, si deni analoweza kukudai.

Faini, hapana. Ulilipa zote mwanzo ili upokee baadaye, na hiyo ni salam. Tende zilikuwa deni shingoni mwake, na ziada juu ya deni kwa sababu ya kuchelewa ni riba. Baraza la Fiqhi la Kiislamu la Kimataifa lilipokutana Riyadh mwaka 2000 liliruhusu sharti la fidia ya kuchelewa, mathalani kwa fundi anayejenga nyumba, likalikataza pale wajibu wenyewe ni deni. Kwa hiyo laki mbili kwa siku zisikuingie mfukoni hata akikubali kuzitoa.

Barua yako ya tarehe 21 ndiyo iliyokuokoa. Hata Sheria ya Mikataba ya Tanzania, kifungu cha 55, inasema muda ukiwa ndio kiini, uchaguzi wa kuvunja ni wa aliyecheleweshewa. Lakini akipokea mzigo uliochelewa bila kutoa taarifa wakati wa kupokea, hawezi tena kudai fidia. Kama usingeandika, zile katoni 50 zingesomeka kuwa umeridhika.

Hizo 50 zimeuzwa dukani kwako, basi zilipie kwa bei mliyopatana, milioni 2. Zilizobaki ni mali yake, akazichukue. Akurudishie milioni 22. Akiwa na dhiki ya kweli, mpe muda kama ilivyo katika Suratul Baqara aya ya 280, ila mwandikiane tarehe. Na mwandike ya miladi pamoja na ya hijria, kwa sababu huku kwetu mwezi hutangazwa siku mbili tofauti, na siku moja hiyo inatosha kuwarudisha kwa kadhi.

Wallahu aalam.