Shira Inayobaki Kwenye Kaimati: Namna ya Kuipima

Shangazi yangu ana kisukari, na kila Ramadhani huniuliza swali lile lile: akila kaimati tano wakati wa kufuturu, atakuwa amekula sukari kiasi gani? Wengi hulijibu swali hili kwa kuchukua sukari yote iliyopikiwa shira na kuigawa kwa idadi ya kaimati. Jibu hilo ni kubwa mno, kwa sababu sehemu kubwa ya shira hubaki sufuriani. Ukitaka kujua kilicholiwa, zipime kaimati zenyewe kwa mizani ya jikoni kabla na baada ya kuzitia shira.

Chukua mfano wa unga wa ngano gramu 250 uliokandwa kwa hamira na tui jepesi, ukatoa kaimati 32. Baada ya kukaangwa na kuchuja mafuta, zote pamoja zilikuwa na uzito wa gramu 448, yaani 14 kwa kila moja. Shira ilipikwa kwa sukari gramu 500 na maji gramu 250, ikachemka mpaka ikabaki gramu 625. Maji hupotea kwa mvuke lakini sukari haipotei, kwa hiyo katika kila gramu 100 za shira hiyo mlikuwa na gramu 80 za sukari. Kaimati zilipozungushwa humo na kuachwa zikauke, uzito ulipanda hadi gramu 608. Ongezeko ni gramu 160 za shira, ambazo ni gramu 5 kwa kila kaimati, na ndani yake gramu 4 za sukari, takriban kijiko kimoja cha chai, zenye kilokalori 16. Kwa hesabu ile ya kugawa sukari yote, kila kaimati ingeonekana kubeba karibu gramu 16, mara nne ya ukweli.

Hata hivyo, nilimweleza shangazi kwamba shira si habari yote. Karibu robo tatu ya unga wa ngano ni wanga, hivyo kila kaimati ina takriban gramu 6 za wanga kabla haijagusa shira, na mwili huugeuza wanga huo kuwa sukari ya damu. Kaimati tano kwa hiyo ni gramu 20 za sukari na gramu 30 za wanga wa unga. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, lilishauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na likasema ni bora zaidi ikiwa chini ya asilimia 5, ambayo ni kama gramu 25 kwa mtu mzima. Kaimati tano zinakaribia kuimaliza nafasi hiyo, na chai ya maziwa bado haijamiminwa.

Uzito wa shira yenyewe hubadilisha mambo kwa namna ambayo wengi hawaitarajii. Shira nyepesi, ya sukari na maji sawa kwa sawa, huingia ndani, hasa kaimati ikitumbukizwa ingali moto, kwa sababu mvuke uliomo ndani unapopoa hujikunja na kuivuta shira. Ukiipasua utaona duara lenye unyevu chini ya ganda, na ganda lenyewe limelegea. Kaimati za namna hiyo nilizozipima zilibeba karibu gramu 9 za shira kila moja, lakini nusu yake ni maji, kwa hiyo sukari ni gramu 4 na nusu, tofauti ndogo tu na zile za shira nzito. Shira nzito hukaa juu, hung'aa, hubeba harufu ya iliki na zafarani mpaka puani, na ganda huendelea kuwa kavu. Utaijua imefika unapoibana kati ya vidole viwili, ikiwa imepoa kidogo, ikavuta uzi. Ikipitishwa hapo huganda na kurudi kuwa chembe za sukari, na ndiyo maana hutiwa matone ya ndimu.

Pima baada ya shira kukauka, wala usihesabu ile iliyotuama chini ya sinia. Mafuta hayapimiki kwa njia hii, kwa kuwa kaimati hupoteza maji wakati ule ule inapokunywa mafuta.

Ukitaka kupunguza, ziache kaimati zipoe kidogo, kisha zizungushe kwa mafungu katika sufuria pana yenye shira nzito. Kwa kaimati 32, shira ya sukari gramu 200 inatosha kabisa. Itakayobaki itie kwenye chupa safi yenye kifuniko, na siku ya pili iongezee maji kidogo uichemshe tena mpaka ivute uzi.