Ukipewa epsiloni, usihangaike na N ndogo, tafuta N inayoshika

Juzi saa tano usiku nimetumiwa picha na dada mmoja anayesoma fest yia, picha ya pepa lake la testi lina wino mwekundu mpaka pembeni, na chini yake kaandika "kaka naomba unisaidie nielewe huu uonevu". Nikacheka kidogo halafu nikaacha kucheka maana niliona swali lenyewe. Ni lile lile. Yani swali lililoniliza mimi miaka ile, limebadilishwa alama moja tu.

Swali lake liko hivi: f(x) = (2x² + 5x)/(x² − 3), onyesha kwa kutumia maana rasmi kwamba kikomo chake x ikienda infiniti ni 2, halafu toa N kwa ε = 0.01. Yeye kaandika N = 500, kapata maksi 3 kati ya 10. Rafiki yake anayekaa naye chumba kimoja kaandika N = 1400, kapata zote 10. Sasa hoja ya huyu dada, na kwa kweli si hoja ya kijinga, ni kwamba ukikokotoa kwa kalkuleta mpaka halisi uko kama 501.2, kwa hiyo yeye alikosea kwa moja na kidogo tu, mwenzake kakosea kwa karibu mia tisa, sasa inakuwaje aliyekosea sana ndo anapewa zote?

Kabla sijamjibu ngoja niwape ya kwangu kwanza, kidonda hiki bado hakijapona vizuri.

Mimi swali langu lilikuwa na jumlisha chini, (2x² + 5x)/(x² + 3), ε ile ile 0.01. Nilikuwa najiamini balaa, fomu siksi nilikuwa nafundisha wenzangu, nikaingia kwenye testi kama mtu anaenda kuchukua chenji yake. Nikatoa 2, ikabaki (5x − 6)/(x² + 3), nikaweka iwe ndogo kuliko 0.01, nikavusha, nikapata mlinganyo wa kipeo cha pili, nikatumia fomula, majibu mawili yakatoka: kama 1.21 na kama 498.79. Nikajisemea, wameomba kizingiti, kizingiti kizuri ni kile kidogo, nikaandika N = 1.21 na mistari miwili chini yake nimepigia rula kabisa.

Pepa likarudi na sifuri kwenye kipengele hicho. Lekchara hakuandika maelezo yoyote, kaandika tu "Jaribu x = 3". Nikajaribu pale pale nimesimama kwenye korido. f(3) = 33/12, yani 2.75. Kosa la 0.75 wakati ninaruhusiwa 0.01, nimezidisha mara sabini na tano! Ile 1.21 iko jirani kabisa na 1.2, sehemu ambapo grafu inaikata 2 ikipita, kwa hiyo pale kosa ni dogo kweli, lakini ikishapita inapanda mpaka kama 0.756 halafu ndo inaanza kushuka taratibu kuifuata 2, na haitulii ndani ya 0.01 mpaka uvuke 498.79. Mimi nilichukua sehemu inayopita njia nikaiita nyumbani.

Sasa hapo ndo maana rasmi inapoingia, na wengi mnaikariri kama shairi bila kusikiliza inachosema. Inasema: kwa kila ε > 0 kuna N ambayo kila x > N inatupa |f(x) − L| < ε. Zipo zamu tatu hapo. Zamu ya kwanza si yako, anayekupinga anataja ε, kosa analoruhusu. Zamu ya pili ndo yako, unataja N, na unaitaja ukiwa umeiona ε tu, x bado hujaiona, ndo maana N yako haiwezi kuwa na x ndani yake. Zamu ya tatu inarudi kwake, anachagua x yoyote anayotaka baada ya N, hata ile mbaya kuliko zote, na wewe lazima upone. Si x moja uliyoijaribu kwenye kalkuleta, ni zote. Mimi N yangu iliuawa na x = 3.

Na angalia kitu ambacho hakimo kwenye hiyo sentensi: hamna mahali imesema N iwe ndogo kuliko zote. Kama 502 inafaa basi 1400 inafaa, na milioni inafaa, kwa sababu kila x iliyo zaidi ya milioni iko pia zaidi ya 502. Cauchy mwenyewe mwaka 1821 kwenye Cours d'analyse, alipothibitisha kwamba f(x + 1) − f(x) ikikaribia k basi f(x)/x nayo inakaribia k, alichukua ε ndogo kisha akasema tuipe h thamani kubwa ya kutosha. Kubwa ya kutosha! Hakukaa kutafuta h bora. Sisi ndo tunatoka jasho kutafuta desimali za 501.2 wakati hakuna aliyetuomba.

Tumrudie dada yetu. Akitoa 2 kwenye fankisheni yake inabaki (5x + 6)/(x² − 3). Kazi inayotakiwa ni kuibadilisha hii sehemu iwe rahisi, lakini ibadilishwe kwa kukuzwa tu. Ukishaikuza ikawa kitu chepesi kama 14/x, na hicho kitu chepesi kikawa chini ya ε, basi ile ya mwanzo iliyo ndogo zaidi nayo iko chini ya ε bila ubishi. Ukiipunguza badala ya kuikuza, hujathibitisha chochote, ni sawa na kusema mdogo wangu anapita chini ya huu mlango kwa hiyo na mimi nitapita.

Yeye alifanya nini? Kafuta +6 juu, kafuta −3 chini, kabaki na 5x/x² yani 5/x, ndo 500 ikatoka. Alinijibu "lakini kwenye mifano ya darasani tulifuta hivyo hivyo". Ndio mdogo wangu, kwa sababu ile ya darasani ilikuwa kama yangu, juu −6 na chini +3. Ukifuta −6 kiasi kinakua, ukifuta +3 asili inapungua, na asili ikipungua sehemu nzima inakua. Vyote viwili vinakuza, kwa hiyo kwangu 5/x ilikuwa halali na N = 500 ingenipa maksi zote (na mimi kwa ujuaji wangu nikaenda na fomula, haya). Kwake alama zimegeuka: ukifuta +6 kiasi kinapungua, ukifuta −3 asili inakua, vyote viwili vinapunguza sehemu. Kaandika alama ya "ndogo kuliko" mahali ambapo ukweli ni "kubwa kuliko", na ukisoma lile pepa wino mwekundu umezungushwa hapo hapo.

Nikamwambia usiniamini mimi, weka x = 501 kwenye ile (5x + 6)/(x² − 3) yako. Juu 2511, chini 250998. Inatoka kama 0.010004. Imezidi 0.01 kwa unywele, lakini imezidi, na 501 iko baada ya 500. Kwa hiyo N yake haikuwa "karibu sahihi", ilikuwa na x inayoiangusha. Hili la "nimekosea kwa moja tu" ndo linalowaponza wengi. Kizingiti hakipimwi kwa umbali kutoka kwenye jibu la kalkuleta, kinapimwa kwa upande. Upande wa chini wa 501.2 umekufa hata ukikosa kwa nukta sifuri moja, upande wa juu uko hai hata ukiwa mbali kama Kigoma.

Yule mwenzake wa 1400 alifanyaje, maana ndo kitu cha kujifunza. Kiasi: alitaka 5x + 6 iwe x tupu, akasema x ikiwa 3 au zaidi basi 6 haizidi 2x, kwa hiyo 5x + 6 ≤ 7x. Asili: hawezi kufuta −3, kwa hiyo akakubali kupoteza nusu ya x², akasema x² − 3 ≥ x²/2, na hiyo ni kweli x² ikifika 6, yani x kuanzia kama 2.45, na yeye tayari yuko 3 na kuendelea. Akagawanya, 7x kwa x²/2, ikatoka 14/x. Sasa 14/x < ε ikiwa x > 14/ε, na kwa 0.01 hiyo ni 1400. Ndo basi. Hakugusa fomula ya kwadratiki, hakushika kipeuo chochote. Na alichonifurahisha zaidi, baada ya hapo akaandika upya kuanzia juu kwenda chini: chukua ε yoyote, weka N hii, chukua x > N, basi kosa ni dogo kuliko 14/x, nayo ni ndogo kuliko ε. Zile hesabu za kutafuta N zinatembea kinyumenyume, ni za kwenye karatasi ya rafu, uthibitisho unaosahihishwa ni ule unaotoka kwenye x > N kwenda kwenye ε. Mkiniona nalisisitiza hili kila mwezi mjue nina sababu, watu wanaacha rafu kama jibu halafu wanaenda kuapili.

Basi akakaa kimya kama nusu saa, halafu akarudi na swali zuri kuliko yote: "Mbona yeye kaandika N = max(3, 14/ε), hiyo 3 ya nini wakati 1400 imeshaizidi?"

Kwa 0.01 kweli 3 haina kazi. Lakini maana inasema kila ε, na anayekupinga ana haki ya kukutajia hata 10. Hapo 14/ε ni 1.4 tu. Bila ile 3 wewe umetaja N = 1.4, na njiani baada ya 1.4 kuna kipeuo cha pili cha 3, kama 1.732, ambapo asili ni sifuri na fankisheni haipo kabisa. Hata ukiruka pale, chukua x = 1.8 uiweke kwenye (5x + 6)/(x² − 3). Juu 15, chini 0.24.

Kanitumia jibu lake dakika mbili baadaye, 62.5, na chini yake kaandika "siendi tena kuapili".